Namba ya usalama ya Signal imebadilika kwa mtu niliyekaa naye meza moja tukalinganisha. Nitume hela au nisitume?

Mzigo_wa_Temeke · Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Wakuu kwema. Naomba msaada wa haraka, wenye utani wao waje jioni.

Mimi naagiza vipuri vya gari. Wakala anayenitolea mizigo bandarini tunaongea Signal, yeye ndiye aliyenihamishia huko. Mwezi wa sita tulikutana mgahawa mmoja Posta akasema tulinganishe namba za usalama. Kioo cha kamera yangu kina ufa, msimbo ukagoma kusomeka, ikabidi yeye asome kwa sauti kundi kwa kundi na mimi nifuate kwa kidole. Makundi kumi na mawili, chai ikapoa. Nikaziandika nyuma ya daftari la mauzo (ni tabia tu, naandika kila kitu), kisha nikabonyeza `Mark as verified`.

Leo nimemwandikia "Salio la 3,400,000 niweke akaunti ile ile?" Ujumbe umegoma kwenda. Signal inasema namba yetu ya usalama imebadilika, inaniuliza niangalie kwanza au nitume hivyo hivyo. Nikipiga laini yake, haipatikani. Mzigo huku unahesabiwa gharama ya kukaa kila siku inayopita.

Daftari la mwezi wa sita:

```
08431 55207 91364 27718
60092 44185 37260 81945
10673 52398 76014 29551
```

Leo kwenye simu:

```
02917 64480 39156 88203
17549 70362 08431 55207
91364 27718 60092 44185
```

Mistari yote mitatu imebadilika. Ina maana na mimi nimeingiliwa?

---

Shangazi wa Tabata · saa 3:52

Mwanangu FUTA hizo namba haraka! Kila siku tunaambiwa usimpe mtu namba uliyotumiwa na wewe unazibandika mbele ya watu wote. Wataingia kwenye akaunti yako saa hii hii.

---

Kijiti · saa 3:55

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

---

fundi_Msimbazi · saa 4:03

Mkuu hapo umedukuliwa, hakuna lugha nyingine. Namba zikifanana hakuna binadamu anayeweza kusoma meseji zenu. Zikibadilika kuna mtu ameingia. Futa programu, weka upya, badilisha neno la siri la kila kitu. Mimi na wateja wangu hapa dukani huwa tunaangalia kundi la kwanza na la mwisho tu, inatosha, kwako hata la kwanza halifanani.

---

nusu_uzi · saa 4:21

Mleta mada, usifute programu. Na usibonyeze kutuma.

Shangazi, hofu yako ni ya kweli ila ni ya namba nyingine. Ile ya kuficha ni yenye tarakimu sita inayokuja kwa meseji unaposajili akaunti. Hizi ni tarakimu sitini, hazifungui mlango wowote. Zimekokotolewa kutoka kwenye funguo za wazi za watu wawili, hata ukizichora ukutani Kariakoo hakuna atakachoingia nacho.

Sasa mzigo, rudi kwenye hizo namba zako usome taratibu, maana macho yamekudanganya. Tafuta 08431 kwenye daftari: ni la kwanza kabisa. Tafuta 08431 ya leo: iko mstari wa pili, kundi la tatu. Endelea kutoka hapo: 55207, 91364, 27718, 60092, 44185. Makundi sita yale yale, kwa mpangilio ule ule, yamehamia chini tu.

Hizo tarakimu sitini ni nusu mbili zilizobandikwa pamoja. Thelathini zinatoka kwenye ufunguo wako, thelathini kwenye wa kwake. Ili simu zote mbili zionyeshe kitu kimoja, nusu yenye namba ndogo inatangulia. Mwezi wa sita nusu ya 08431 ilitangulia kwa sababu nyingine ilianza na 37260. Leo hiyo nyingine inaanza na 02917, kwa hiyo imepanda juu na kuisukuma ya 08431 chini. Ndiyo maana unaona kama yote ni mapya.

Jiulize: 08431 ni nusu ya nani? Fungua mazungumzo yako na mtu mwingine yeyote Signal, mkeo, shemeji, uangalie namba yako ya usalama naye. Nusu yako haibadiliki kwa kubadilisha mtu unayeongea naye. Rudi na jibu.

---

Mzigo_wa_Temeke · saa 4:34

Mkuu wewe ni nani?! Nimefungua ya mke wangu: 08431 55207 91364 27718 60092 44185 zipo. Nimefungua ya mdogo wangu Mwanza, zipo pia. Miezi yote hii sijawahi kuona.

---

nusu_uzi · saa 4:48

Basi wewe hujaguswa kwa maana ya ufunguo. Kilichobadilika ni cha wakala. Akaunti yenye namba yake ya simu imesajiliwa upya mahali ambapo ufunguo wa zamani haupo.

Namba inaishia hapo. Haiwezi kukwambia ni nani aliyesajili. Inawezekana simu ilidondoka baharini akanunua nyingine. Inawezekana alifuta programu akaiweka tena. Inawezekana mtu mwingine ameshika laini yake. Mambo haya matatu yanatoa kitu kile kile kwenye kioo chako. Mara nyingi huwa ni simu mpya, ndiyo maana fundi amekosea kusema "hakuna lugha nyingine".

Ila sikia: usimuulize kwa laini ile ile. Kama imechukuliwa, meseji unayotuma atajibu aliyeichukua, na ataapa kwamba ni simu mpya. Tafuta njia isiyopita kwenye laini hiyo: ofisi yake, msaidizi wake, mkewe, au panda gari umfuate.

---

Kondoo Mweupe · saa 5:10

Wabongo kwa kujipa umuhimu. Nani ana shida na meseji zako za boneti na taa za gari? Hizi namba ni za majasusi. Tangu 2020 laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, hakuna mtu wa kuchukua laini ya mwenzake.

---

fundi_Msimbazi · saa 5:18

@nusu_uzi sawa mkuu nimekubali ya simu mpya, hata mimi nikimflashia mteja simu namba zinabadilika. Ila hujajibu kuhusu kundi la kwanza na la mwisho. Mtu atapata wapi namba inayofanana mwanzo na mwisho? Tarakimu kumi hizo.

---

nusu_uzi · saa 5:41

Swali zuri, na wengi wanafanya hivyo.

Anza na kitu ambacho kulinganisha kunazuia, maana naona humu tunachanganya. Chukua mtu anayetuma kifurushi Mbeya kwa basi. Anakifunga, anampa kondakta. Kondakta akiwa mjanja anakifungua njiani, anaangalia, anakifunga upya kwa gundi na karatasi yake. Wa Mbeya anapokea kifurushi kimefungwa vizuri kabisa. Wote wawili wana amani, na wote wameibiwa. Kwenye simu kondakta ni seva inayokupa ufunguo wa mwenzako. Wewe hukupewa ufunguo huo mkononi, uliletewa. Seva ikiwa na nia mbaya, au ikilazimishwa, au ikiingiliwa, inaweza kukuletea ufunguo wake ikisema huu ni wa wakala, na wakala ikampelekea mwingine ikisema huu ni wa Mzigo. Halafu inakaa katikati, inafungua na kufunga.

Hapo kwako kutaonekana nusu yako na nusu ya kondakta. Kwa wakala kutaonekana nusu yake na nusu nyingine ya kondakta. Mkiweka simu mbili juu ya meza moja, namba hazifanani. Hila imekufa pale pale, kwa sababu kondakta hawezi kubadilisha mnachokiona kwa macho mezani.

Sasa kundi la kwanza na la mwisho. Kundi la kwanza liko kwenye nusu moja, la mwisho kwenye nusu nyingine. Kondakta anahitaji ufunguo bandia ambao kundi lake moja tu linafanana na lako, na mwingine ambao kundi lake moja linafanana na la mwenzako. Kundi moja lina uwezekano laki moja. Anatengeneza funguo moja baada ya nyingine hadi ibahatike. Kila jaribio limefanywa liwe zito makusudi, hesabu inarudiwa mara 5,200 kabla namba haijatoka, lakini majaribio laki moja kwa kompyuta ya kawaida ni kazi ya kwenda kunywa chai na kurudi. Kwa makundi yote sita hesabu inakuwa moja yenye sifuri thelathini nyuma yake, hakuna mashine ya kuimaliza. Kwa hiyo zote au usijisumbue. Kuskani kunalinganisha zote kwa sekunde moja, tatizo ni vioo vyenye ufa kama vya mleta mada.

---

Dada_Upanga · saa 6:15 mchana

Samahani naingilia. Mimi na dada yangu tulilinganisha tukiwa sebuleni, zikafanana zote, alama ya tiki ikatokea. Lakini mume wangu ananirudishia maneno niliyomwandikia dada, neno kwa neno. Kwa hiyo hizi namba zinadanganya?

---

Kijiti · saa 6:17

Kahawa imeisha, naagiza nyingine.

---

nusu_uzi · saa 6:29

Dada, hazidanganyi, ila haziangalii huko unakoumia. Zimethibitisha kwamba njiani hakuna mtu. Anayesoma ujumbe ukiwa umeshafika nyumbani hazimwoni.

Ingia mipangilio ya Signal, sehemu ya `Linked devices`. Mtu aliyeshika simu yako ikiwa wazi dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na tangu hapo kila unachoandika kinafika na kule. Kwenye Signal kompyuta iliyounganishwa inatumia ufunguo ule ule wa akaunti yako, kwa hiyo namba ya usalama haitikisiki hata tarakimu moja. Mngelinganisha kila Jumapili, zingefanana kila Jumapili. Ukikuta kifaa usichokijua kwenye orodha, unaweza kukitoa. Ila kabla ya kukitoa fikiria kwanza atakavyopokea, wewe ndiye unayemjua. Na kagua upande wa dada pia, huenda kinachovuja ni simu yake.

WhatsApp ni tofauti kidogo, kule kila kifaa kina ufunguo wake na namba inahesabu vyote.

---

Dada_Upanga · saa 6:50

Kipo. Kimeandikwa jina la laptopu ya kazini kwake. Asante. Sitaki kuongea zaidi humu.

---

Shangazi wa Tabata · saa 7:02

Pole mwanangu. Ukitaka mtu wa kuongea naye nipo, nitumie ujumbe pembeni.

---

Mzigo_wa_Temeke · saa 11:25 jioni

Mrejesho wakuu, na Kondoo Mweupe njoo usome taratibu.

Nilichukua bodaboda hadi Kurasini ofisini kwake. Nikamkuta ameketi, simu iko mezani, simu ile ile, kava lile lile. Anasema tangu jana usiku haina mtandao, alidhani ni mnara. Signal yake imeandika kwamba kifaa hiki hakijasajiliwa tena, akadhani ni kwa sababu ya mtandao. Nikamwonyesha daftari na simu. Alikaa kimya kama dakika nzima.

Tukaenda wote duka la huduma la mtandao wake (sitaji). Laini yake ilihamishiwa kadi nyingine jana saa mbili usiku. Hakuna aliyetueleza ilihamishwaje, tuliambiwa "linafuatiliwa". Amerudishiwa laini saa tisa.

Yaani kama ningebonyeza kutuma, mwizi angepata swali langu lote: kiasi, na kwamba nasubiri kuambiwa akaunti. Angejibu tu "hapana, akaunti ni hii".

Kibaya zaidi, WhatsApp yake nayo ilichukuliwa. Kwenye kundi la wateja wake "yeye" aliandika asubuhi anaomba laki mbili mbili za dharura, atarudisha kesho. Wawili wametuma. Hakuna hata mmoja aliyeona taarifa ya kubadilika kwa namba.

---

Kondoo Mweupe · saa 11:40

Pole mkuu, nimesoma. Ila nibaki na hoja yangu moja. Signal ingekupa taarifa ya kubadilika hata kama hamkuwahi kukutana Posta. Kwa hiyo ile chai ilisaidia nini hasa? Kilichokuokoa ni taarifa, kukutana hakukuhusika.

---

fundi_Msimbazi · saa 11:44

Duh. Hapo ana hoja.

---

nusu_uzi · saa 2:05 usiku

Ana hoja, na sitaki kuizunguka. Nilikuwa kwenye mwendokasi, nimeiwaza kutoka Kimara hadi Gerezani.

Simu inapotoa taarifa kwamba "imebadilika", inalinganisha ufunguo wa leo na ule iliouona mara ya kwanza. Ule wa kwanza iliuamini tu kwa sababu ulitangulia kufika. Kama kondakta alikuwa ameshakaa katikati siku hiyo ya kwanza, ufunguo wake ndio simu inaouita wa kweli, na haitakwambia lolote miaka yote kwa sababu hakuna kinachobadilika. Kitu pekee kinachokamata hilo ni kulinganisha kwa njia ambayo kondakta haigusi. Posta mlihakikisha kwamba mwanzo wenyewe ulikuwa safi. Hila ya namna hiyo siyo ya vibaka wa laini, inahitaji mtu mwenye mkono ndani ya seva, na kwa biashara ya vipuri sidhani kama ingekuja. Hapo Kondoo yuko sahihi. Kwa mwandishi wa habari au wakili ni jambo jingine.

Kitu cha pili ambacho chai ilifanya ni kidogo lakini ndicho kilichoshika hela yako. Ulibonyeza `Mark as verified`. Kwa mtu ambaye hujamhakiki, Signal ufunguo ukibadilika inaweka kamstari kadogo ndani ya mazungumzo na ujumbe wako unaenda zake. Ungekaona baadaye, au usingekaona kabisa. Kwa mtu uliyemhakiki inasimamisha ujumbe na kukuuliza. Taarifa ingekuwepo kote kuwili, tofauti ni kama inakuja kabla ya ujumbe kuondoka au baada.

Na cha tatu ni daftari. Bila namba ya zamani tusingeweza kupata nusu ipi imehama. Hiyo lakini ni tabia yako, haimo kwenye maelekezo yoyote niliyowahi kuona.

---

Mhasibu wa Kikoba · saa 2:31 usiku

Wajuzi, sisi kikoba chetu tuko 22, tunatumia WhatsApp kutangaza nani ameweka nini. Kwa nini wale wa kundi la wakala hawakuona taarifa? Na sisi tulinganishe vipi, kila mtu na kila mtu?

---

nusu_uzi · saa 2:58 usiku

WhatsApp ina taarifa hizo ila zimezimwa hadi uziwashe mwenyewe. Mipangilio, Akaunti, halafu mahali palipoandikwa `Security notifications`. Kila mtu aiwashe kwenye simu yake, wewe kuiwasha hakumsaidii mwenzako.

Kulinganisha kwa kundi hakupo. Namba ni ya watu wawili wawili, watu 22 ni jozi 231, mtakesha. Mimi ningelinganisha na yule anayetoa maelekezo ya hela tu, kila mwanachama na mweka hazina, mara 21 siku ya kikao, kwa kuskani ni dakika kumi. Na bado kanuni ya kupiga simu kabla ya kutuma hela kwenye akaunti mpya ingewasaidia zaidi kuliko namba zote hizi.

Kuna jambo la WhatsApp lililoleta ugomvi mkubwa mwanzoni mwa 2017. Ujumbe uliotuma ukiwa bado haujafika, tiki moja, halafu ufunguo wa mpokeaji ukabadilika: simu yako inaufunga upya kwa ufunguo mpya na kuutuma yenyewe, taarifa inakuja baadaye, tena kama umeiwasha. Gazeti moja la Uingereza liliita mlango wa nyuma, wataalamu wengi wakapinga neno hilo, gazeti likaja kurekebisha habari yake. WhatsApp walijitetea kwamba watu wanabadilisha simu kila siku na hawataki meseji zao zipotee. Naelewa utetezi huo. Lakini kwa kisa cha leo, simu ya wakala ikiwa haina mtandao tangu usiku, ujumbe uliokuwa unasubiri ungeweza kwenda moja kwa moja kwa mwizi.

---

kivuko_cha_jioni · saa 3:20 usiku

Nusu_uzi hapo unaipunja WhatsApp. 2023 walitangaza orodha ya funguo ambayo watu wa nje wanaweza kuikagua, ukifungua ukurasa wa `Encryption` wa mtu simu inahakiki yenyewe kama ufunguo uliopewa ndio ulioorodheshwa. Kondakta akileta ufunguo bandia kwako peke yako, orodha inamuumbua. Sasa ya nini kukutana Posta?

---

nusu_uzi · saa 3:37 usiku

Ni kazi nzuri, sikatai. Inafanya iwe vigumu kukuonyesha wewe ufunguo mmoja na dunia mwingine. Lakini mwizi wa laini anasajili waziwazi, ufunguo wake unaingia kwenye orodha kihalali kabisa. Orodha itasema ndiyo, huu ndio wa namba hii ya simu. Itakuwa kweli. Na simu iliyoushika ufunguo huo ni ya mwizi.

---

kivuko_cha_jioni · saa 3:41 usiku

Mwizi wa laini hata kulinganisha kwenu kwa Posta hakukumzuia, kulimgundua tu. Tofauti iko wapi?

---

nusu_uzi · saa 3:50 usiku

Kulimgundua kabla ya hela kutoka. Kwangu hiyo ni tofauti. Kumzuia ni kazi ya kitu kingine: `Registration Lock`. Mleta mada, muulize wakala kama aliiwasha.

---

Mzigo_wa_Temeke · saa 4:15 usiku

Nimemuuliza. Anasema PIN alikuwa nayo, Signal ilimlazimisha kuiweka.

---

nusu_uzi · saa 4:22 usiku

Ndipo wengi wanapoangukia. Kuwa na PIN siyo kuwasha kufuli. PIN inalinda orodha ya watu wake na wasifu wake, `Registration Lock` iko chini ya Akaunti na inabidi uiwashe mwenyewe. Ikiwa imewashwa, aliyeshika laini anaombwa PIN kabla ya kusajili. Lakini akaunti ikikaa siku saba bila kutumika kufuli linaisha, kwa hiyo anayepotelewa na simu asilale. WhatsApp nayo ina PIN ya tarakimu sita kwa kazi hiyo hiyo.

---

Mzigo_wa_Temeke · Ijumaa, saa 8:10 mchana

Mrejesho wa mwisho. Mzigo umetoka jana.

Wakala kwa hasira alikuwa ameshafuta Signal yote Jumanne jioni akaiweka upya, kwa hiyo ikaja namba ya tatu. Leo tumerudi mgahawa ule ule. Nimebadilisha kioo cha kamera (elfu kumi na tano kwa fundi wa mtaani, siyo Msimbazi, samahani), msimbo ukasomeka mara ya kwanza, tiki ya kijani. Hata hivyo akasema tusome kwa sauti. 08431 yangu imerudi juu, maana nusu yake mpya inaanza na 61138. Sasa naitambua kama namba ya nyumba.

Kufuli ameliwasha mbele yangu. Laini ilihamishwaje hatujui hadi leo. Anakumbuka wiki mbili nyuma aliweka kidole mara tatu kwa wakala wa mwavuli, mashine ikawa "inagoma". Huenda ni hapo, huenda sipo.

---

Kondoo Mweupe · saa 8:26

Na wale wawili wa laki mbili?

---

Mzigo_wa_Temeke · saa 8:31

Mmoja amerudishiwa na wakala kutoka mfukoni mwake. Mwingine anadai arudishiwe naye, wakala anasema huyo alitumiwa namba ya akaunti ngeni yenye jina la mwanamke na bado akatuma. Wanabishana mpaka sasa.